Mzigo wa Salim umefika Dar, mwenyewe sijawahi kumwona

Somo, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, fundi cherehani hapa Tanga, mjane mwaka wa sita sasa, nina watoto wawili. Mwezi wa pili binti yangu aliniwekea kwenye simu programu ya kutafuta wachumba, kwa utani tu. Huko nikakutana na Salim. Anasema baba yake ni Mwomani, mama yake ni Mpemba wa Wete, na yeye ni injinia wa meli, maisha yake ni Maskati na baharini. Siku ya tatu tukahamia WhatsApp. Kwa miezi minne sijaamka asubuhi nikakosa salamu yake. Ananiandikia "nakukosa sana" na "umefanya siku yangu". Kwa video tumeonana mara mbili, picha ikikatikakatika kwa sababu ya mtandao wa melini.

Mwezi uliopita alinitumia mzigo: simu, dhahabu, na dola za kuanzia nyumba yetu. Wakala akanipigia kutoka Dar kwamba umefika, nikalipa ushuru 480,000. Baadaye akasema skana imeona fedha ndani, nikalipa faini 1,350,000. Zote nilituma kwa namba za simu. Sasa kinatakiwa cheti cha kuthibitisha kwamba fedha si haramu, 3,200,000, kabla ya Ijumaa, la sivyo jina langu linapelekwa Interpol. Wakala anataka nimfuate hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, niende na kitambulisho cha NIDA, nisaini na kuweka dole gumba. Namba ya mzigo ni 910-46213758.

Mimi ndiye mweka hazina wa kikoba chetu, na fedha za mgao wa Jumapili ziko kwangu. Nikizigusa nitarudisha mzigo ukitoka. Kuna na jingine naona haya kulisema: nilimtumia picha mbili ambazo mtu humwonyesha mumewe tu. Na siku moja aliniita Maryam, akasema ni jina la dada yake.

Sijamwambia mtu. Nampenda, Somo. Nifanyeje?

Mama Cherehani, Tanga

*

Marahaba, mdogo wangu.

Naona umebeba maswali mawili katika kitita kimoja. La kwanza ni Salim ni nani. La pili ni kama mzigo upo. Umelijibu la pili kwa kutumia la kwanza: nampenda, kwa hiyo mzigo upo. Nakuomba uyafungue kila moja peke yake, kwa sababu hayana uzito sawa. La Salim linagusa moyo na huenda likachukua muda. La mzigo linamalizika kwa kalamu, karatasi na safari moja ya mjini, na huhitaji kumtuhumu mtu wala kugombana na yeyote ili ulijibu. Tuanze na hilo, maana Ijumaa iko karibu.

Chukua ile namba. Hati ya mzigo wa ndege huwa na tarakimu 11. Tatu za mwanzo ni za shirika la ndege, na 910 kweli ni ya Oman Air, kwa hiyo aliyeitunga hakuwa mvivu. Saba zinazofuata ni za mzigo wenyewe. Ya mwisho ni ya ukaguzi, na haiwekwi kwa kubahatisha: zile saba zinagawanywa kwa 7, na kinachobaki ndicho kinachoandikwa mwisho. Fanya kwa mkono kama tulivyofundishwa shuleni, maana kikokotoo kitakupa desimali. 4621375 gawanya kwa 7, unapata 660196 na kubaki 3. Namba yako ingepaswa kuishia na 3. Imeishia na 8. Tena ukigawanya kwa 7 hakiwezi kubaki 8 hata siku moja, kikibaki 8 inaingia 7 nyingine. Tarakimu ya mwisho ya hati ya namna hii ni 0 mpaka 6 tu.

Nitakuwa mkweli juu ya mipaka ya mtihani huu. Namba ikifaulu haithibitishi kitu, kwa kuwa mtu anaweza kunakili hati ya mzigo wa mwingine. Na huenda wakala alikosea kuandika tarakimu moja. Basi mwombe picha ya hati nzima, kisha utafute mwenyewe ukurasa wa mizigo wa shirika hilo la ndege na uingize namba hapo. Usipitie kiungo atakachokutumia yeye. Kurasa za kufuatilia mizigo hutengenezwa kwa siku moja, na humo mzigo wako utaonekana ukitoka Maskati na kutua Dar vizuri kabisa, kwa sababu aliyeutengeneza ukurasa ndiye aliyeuandika huo mzigo.

Sasa fedha ulizolipa. Ushuru wa forodha Tanzania haulipwi kwenye laini ya mtu. Mzigo ukikadiriwa, inatolewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita mtaani kontroo namba, unalipia benki au kwa simu, na fedha zinaingia serikalini. Rudi kwenye ujumbe wa miamala yako miwili. Jina lililotokea lilikuwa la nani? Kama ni la mtu, na mara ya pili likatokea la mtu mwingine, jiulize kwa nini Mamlaka ya Mapato itumie laini za watu wawili tofauti kukusanya ushuru wa dhahabu.

Ofisi ya TRA ya mkoa unayo hapo hapo Tanga. Ingia na namba ya mzigo na ujumbe wa malipo, uulize kitu kimoja: je, haya ni malipo yenu? Habari za Salim huna haja ya kuzigusa. Mtu wa kaunta hatakuuliza kama unampenda.

Cheti cha kusafisha fedha nimekisoma mara mbili. Sheria ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu tunayo tangu 2006, lakini fedha ikishukiwa huzuiwa na kuchunguzwa. Haichunguzwi kwa kulipiwa ada hotelini. Kampuni kubwa za vifurushi nazo zinakataa kubeba noti, kwa hiyo hizo dola zilikuwa na shida kabla hata skana haijawashwa. Na Interpol haina askari wanaokuja kumkamata mtu Ngamiani. Ni chombo cha kuunganisha polisi wa nchi mbalimbali. Mtu aliyetumiwa zawadi asiyoiagiza anaweza kuukataa mzigo, na habari ikaishia hapo. Kwa nini wakala hajawahi kukupa chaguo hilo?

Tazama na ngazi yenyewe: 480,000, halafu 1,350,000, halafu 3,200,000. Kila ukilipa, kinachofuata ni kikubwa kuliko vyote vilivyotangulia vikijumlishwa. Malipo ya kwanza yalikuwa kipimo cha kujua kama unalipa. Baada ya hapo kinachokusukuma si dhahabu tena, ni zile 1,830,000 ulizokwisha kutoa, unaogopa zisipotee. Nakuelewa sana. Nimewahi kushona nguo iliyokatwa vibaya mpaka mwisho kwa sababu kitambaa kilikuwa ghali, na wewe fundi unajua ilivyotoka. Lakini jiulize: kama leo ndiyo ingekuwa siku ya kwanza, hujatoa hata senti, ungetoa 3,200,000 kwa mtu huyu?

Juu ya hoteli, hapa nitakuwa mkali kidogo, nisamehe. Mambo mengine nakuachia upime, hili nakuomba usiende. Kwanza kwa sababu ya wazi: mwanamke peke yake, mji si wake, ana milioni tatu kwenye mkoba, na mtu anayejua saa atakayofika. Ya pili watu hawaifikirii. Laini za simu nchini husajiliwa kwa namba ya NIDA na alama ya kidole. Mtu akikushikisha kidole kwenye kifaa ukidhani unasaini mzigo, unaweza kutoka pale ukiwa na laini tatu kwa jina lako, na mwezi ujao mwanamke wa Singida atatuma ushuru wa mzigo wake kwenye laini hiyo, na jina litakalomtokea ni lako. Yale majina mawili kwenye miamala yako huenda nayo ni ya watu waliowahi kuweka dole gumba mahali. Piga *106# leo uone ni laini ngapi ziko kwenye kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la kampuni ya simu hiyo waifute.

Kwa sababu hiyo hiyo, wakikuomba "waegeshe" fedha kwenye akaunti yako kwa siku mbili tu, ujue kwamba fedha hizo zina mwenyewe anayelia mahali, na polisi wataanza na jina la mwenye akaunti.

Kikoba. Umeandika kwamba utarudisha mzigo ukitoka, na naamini kila neno. Nia yako sina shaka nayo. Shaka yangu iko kwenye lile neno "ukitoka". Fedha zako ukizipoteza unapoteza fedha. Za kikoba ukizipoteza, Jumapili utakaa mbele ya wanawake walioweka hisa kwa kuuza maandazi na dagaa, na huwezi kuwaambia zimekwenda wapi. Kama unaona kishawishi kinakuzidi usiku, mpe mwenyekiti azishike mpaka Jumapili. Mwambie una safari, au una wageni, au usimwambie sababu. Kumkabidhi mwenzio amana kabla haijakushinda hakukuvunjii heshima hata kidogo.

Haya, Salim.

Siwezi kukuambia ni nani. Naweza kukuambia nilichokisikia katika maneno yake uliyoyanukuu. "Nakukosa sana." "Umefanya siku yangu." Mdogo wangu, Mpemba gani anasema hivyo? Mtoto aliyelelewa na mama wa Wete, hata kama amekulia Maskati, akiwa na hamu na mtu atasema ana hamu naye. Kiswahili cha Waswahili wa Oman tunakijua, wana ndugu zao huku, wanatupigia simu kila Idi. Wakichanganya, wanachanganya na Kiarabu. Maneno ya Salim yana sura ya Kiingereza kilichopitishwa kwenye mashine ya kutafsiri. Peke yake si ushahidi, watu hukulia sehemu nyingi. Ila ni sababu ya kuuliza.

Na wewe una bahati iliyonishangaza kwamba hujaitumia: uko Tanga, amekuchagulia Pemba. Wapemba wamejaa Tanga. Mwulize mama yake ni wa shehia gani, babu yake anaitwa nani, alisoma chuo kwa mwalimu gani. Kisha nenda kwa Mpemba yeyote unayemwamini. Pemba ukitaja mtaa na jina la babu, mtu wa tatu atakayeulizwa atakuwa amezikana naye. Mwanaume mwenye nia ya ndoa anayajua haya, maana siku ya kuleta posa mshenga wake atayasema mbele ya wazee wako. Wewe umemwomba atume mshenga? Au miezi minne yote aliyekuja kwa niaba yake ni wakala tu?

Ile video iliyokatikakatika inaweza kuwa mtandao mbaya kweli. Inaweza pia kuwa video ya mtu mwingine iliyorekodiwa zamani, ikichezwa mbele ya kamera, na kukatika kwake ndiko kunakoificha midomo isiyoendana na sauti. Akipiga tena, mwombe jambo ambalo hakujiandaa nalo: apitishe mkono taratibu mbele ya uso, ageuke akuonyeshe sikio, akuandikie jina lako kwenye karatasi. Siku hizi kuna programu za kubadili uso, na mkono ukipita mbele ya uso picha nyingi za namna hiyo hucheza. Akifaulu, bado hujajua ni mtu mwema, umejua tu kwamba yupo.

Na Maryam? Inawezekana ni dada yake. Lakini kazi hii mara nyingi hufanywa na kundi, simu moja inashikwa na watu wa zamu tofauti, wana daftari la nani ni mjane na nani ana watoto wangapi. Je, hajawahi kukuuliza jambo ulilokwisha kumwambia? Hajawahi kusahau mumeo alifariki lini? Pitia mazungumzo yenu ukiwa umetulia, usiyasome kama mpenzi, yasome kama unavyokagua mshono wa fundi mwingine.

Unaweza kumweleza wazi kwamba hulipi tena, na ukangoja uone. Faida yake ni kwamba utamjua kwa atakachofanya; hatari ni kwamba utakuwa ukimsikiliza mtu anayejua pa kukugusa. Atalia, au atakasirika kwamba humwamini. Kuna na mtego laini kuliko yote: atasema amekopa nusu kwa rafiki, wewe malizia 1,600,000 tu. Watu wengi walioshinda hasira zake wamelainika hapo. Njia nyingine ni kunyamaza kwanza, uende TRA, uulize Wapemba, kisha ndiyo uzungumze naye ukiwa na majibu mkononi. Kunyamaza siku tatu kwa mtu aliyekuamsha kila asubuhi kwa miezi minne kutakuuma, sikudanganyi. Utashika simu usiku. Ndiyo maana nisingependa uwe peke yako katika siku hizo.

Ikitokea kwamba yupo, na anataka kuja, na aje. Tiketi yake, nauli yake, Tanga kwako unakojulikana, mchana, sehemu yenye watu, na dada yako au rafiki akiwa meza ya jirani. Uende kwa usafiri wako na uondoke kwa usafiri wako. Mwanaume wa kweli hawezi kuchukia hayo.

Picha. Usijipige kwa hilo. Ulimpa mtu uliyeamini ni wako. Akianza kukutishia nazo, kulipa hakuzifuti, kunamwonyesha tu kwamba tishio linafanya kazi. Kuna huduma ya bure inayoitwa StopNCII.org, kwa watu wazima. Unachagua picha kwenye simu yako, inatengenezwa alama maalumu ya picha hiyo, na picha yenyewe haitoki kwenye simu. Alama hiyo hupelekwa kwa mitandao iliyojiunga, Facebook na Instagram wakiwemo, ili picha ikipandishwa huko itambuliwe na kuzuiwa. Haifiki kwenye ujumbe wa WhatsApp wa mtu kwa mtu, kwa hiyo si kinga kamili, lakini unaweza kuifanya hata kabla hajatishia.

TRA wakikuambia malipo si yao, usimfungie mtu namba kwanza. Piga picha za mazungumzo zenye tarehe, hifadhi ujumbe wa miamala, namba zote na jina lililotokea kila ulipotuma. Nenda polisi ufungue taarifa, upewe RB. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015 na wanawake wa umri wako wamefika kaunta hiyo kabla yako. RB hiyo ndiyo utakayoipeleka kampuni ya simu. Namba za wakala unaweza pia kuziripoti kwa ujumbe kwenda 15040. Fedha zenyewe, nisikupe tumaini la uongo: zikishatolewa kwa wakala wa mtaani siku ile ile, ni nadra kurudi. Kama ungekuwa umetuma saa moja iliyopita ningekuambia uache kusoma barua hii upige simu huduma kwa wateja waizuie. Na baada ya wiki mbili tatu, akikupigia "wakili" au "ofisa wa mtandao" kwamba amezipata fedha zako na anahitaji ada kidogo kuzitoa, huyo amepewa namba yako na wale wale.

Nimeacha jambo moja la mwisho kwa sababu ndilo lililonigusa. Umeandika "nampenda", hukuandika "nilimpenda", na sitakuomba ubadilishe. Salamu zile ulizipokea wewe, na furaha uliyoamka nayo ilikuwa yako. Hata ikigundulika hakuna Salim, utakuwa na msiba, na msiba huu mbaya kwa sababu hauna tanga. Hakuna atakayekuja kukaa nawe mkekani kumlilia mtu ambaye hakuwepo. Utaona aibu ndiyo kubwa, kumbe chini yake ni huzuni ya kawaida ya mjane aliyezoea tena kuulizwa amelalaje.

Aliyekuwekea programu ile ni binti yako. Unaogopa atakucheka, na mimi nahisi anajilaumu au ataanza kujilaumu pale atakapojua. Yeye anaijua hiyo simu kuliko wewe na mimi, anaweza kukutafutia picha za Salim mtandaoni aone kama zina mwenyewe mwingine, na anaweza kukusindikiza TRA. Huna haja ya kumwonyesha zile picha mbili wala kila ujumbe. Mwambie kuna mzigo, kuna namba, na unataka mkagawanye kwa 7 pamoja.

Kisha niandikie Jumatatu, baada ya mgao.

Somo wako